Mstari Mnyoofu wa Sensa za Kilifi: Kukokotoa Mteremko, Kianzio na Masalio kwa Mkono

Makala haya yananuia kueleza, kwa lugha ya Kiswahili, jinsi mstari mmoja unavyopatikana kutokana na nukta tano za data kwa njia ya miraba midogo kabisa, ambayo Mfaransa Legendre aliichapisha mwaka 1805. Data yetu ni idadi ya watu wa Kilifi katika sensa za 1979, 1989, 1999, 2009 na 2019. Msomaji azingatie kwamba kufikia sensa ya 1999 Malindi ilihesabiwa kama wilaya ya peke yake. Kwa hivyo, idadi ya mwaka huo ni jumla ya wilaya za Kilifi na Malindi, ili ilingane na eneo la Kaunti ya Kilifi ya leo.

Ukokotoaji

Tutatumia istilahi tatu. Mteremko ni kiasi ambacho y hubadilika x inapoongezeka kwa moja. Kianzio ni thamani ya y pale x inapokuwa sufuri. Masalio ni tofauti baina ya thamani halisi na ile inayotolewa na mstari. Hapa x ni idadi ya miongo tangu 1979, na y ni idadi ya watu kwa maelfu.

| Mwaka | x | y | Mstari | Masalio |
|---|---|---|---|---|
| 1979 | 0 | 431 | 369.8 | 61.2 |
| 1989 | 1 | 592 | 626.2 | -34.2 |
| 1999 | 2 | 826 | 882.6 | -56.6 |
| 2009 | 3 | 1110 | 1139.0 | -29.0 |
| 2019 | 4 | 1454 | 1395.4 | 58.6 |

Kwanza hutafutwa wastani. Wastani wa x ni 2. Jumla ya y ni 4413, na wastani wake ni 882.6. Kisha kila x huondolewa wastani wake, tukabaki na -2, -1, 0, 1 na 2. Kila moja ya tofauti hizi huzidishwa kwa y yake na matokeo kujumlishwa: -862 - 592 + 0 + 1110 + 2908 = 2564. Miraba ya tofauti hizo ni 4, 1, 0, 1 na 4, ambayo jumla yake ni 10. Mteremko ni 2564 ÷ 10 = 256.4, na kianzio ni 882.6 - (256.4 × 2) = 369.8. Mstari wetu basi ni:

y = 369.8 + 256.4x

Yaani, kwa mujibu wa mstari huu, Kilifi iliongezeka watu wapatao 256,400 kila mwongo.

Kuhakiki masalio

Wengi hujumlisha masalio, wakapata sufuri, wakaridhika. Hapa pia masalio chanya ni 119.8 na hasi ni -119.8. Hata hivyo, mstari wowote unaopita kwenye nukta ya wastani hutoa jumla ya sufuri. Tuseme mkokotoaji amegeuza tarakimu, akaandika mteremko 265.4 na hivyo kianzio 351.8. Masalio yake yatakuwa 79.2, -25.2, -56.6, -38.0 na 40.6, na jumla yake bado ni sufuri! Kosa hufichuka kila salio linapozidishwa kwa x yake: jumla huwa -90. Kwa mstari sahihi, jumla hiyo ni 0 - 34.2 - 113.2 - 87.0 + 234.4, yaani sufuri. Hakiki hizi mbili sharti ziandamane.

Masalio yanasema nini?

Hakiki hizo huthibitisha hesabu tu; hazithibitishi kwamba mstari mnyoofu unaifaa data. Jumla ya miraba ya masalio ni 12,393.6, ilhali jumla ya miraba ya tofauti za y na wastani wake ni 669,803.2. Mstari umeeleza takribani asilimia 98 ya mtawanyiko, kiasi kinachoweza kumhadaa mtu. Tazama alama za masalio kwa mpangilio wake: chanya, hasi, hasi, hasi, chanya. Ncha zote mbili zi juu ya mstari na katikati kuko chini. Huo ni upinde, wala si mtapanyiko wa kubahatisha.

Sababu i wazi katika sensa zenyewe. Nyongeza za kila mwongo ni 161, 234, 284 na 344. Zinakua daima, ilhali mstari unadai nyongeza isiyobadilika. Uwiano wa kila sensa kwa iliyoitangulia, kinyume chake, ni takribani 1.37, 1.40, 1.34 na 1.31, nao haubadiliki sana. Watu huongezeka kwa uwiano, kwani wazazi wengi huzaa watoto wengi. Kwa sababu hiyo, inafaa zaidi kuchukua logi ya y kabla ya kurudia hatua zile zile, japo kushuka kwa uwiano wa mwisho kwaonyesha kuwa hata mstari huo mpya utahitaji kuhakikiwa masalio yake.

Mstari wetu wa kwanza ukirefushwa hadi 2029 hutoa 1651.8, yaani nyongeza ya watu wapatao 198,000 tu juu ya 2019, pungufu hata ya ile ya 234 ya kati ya 1989 na 1999. Anayepanga madarasa au visima vya Malindi kwa makadirio hayo atapungukiwa, na safu ya masalio ilikwisha kumwonya.