Ngano Isiyotoa Suke Bila Baridi

Mkulima wa Ilembo, Mpanda, akipanda ngano ya Ulaya ya majira ya baridi, mbegu itaota vyema, majani yatanawiri na machipukizi yataongezeka. Lakini miezi itapita bila suke. Wengi watalaumu udongo au mbolea; sisi twasema sababu imo ndani ya mbegu yenyewe.

Ngano hiyo hupandwa huko kwao kabla ya majira ya baridi. Lau ingechanua mapema, jalidi ingeliharibu suke lake. Kwa hiyo jeni iitwayo VRN2 huzuia kuchanua. Mmea ukikaa wiki 4 hadi 8 katika baridi ya nyuzi 0 hadi 10 za Selsiasi, jeni nyingine, VRN1, huamka polepole, nayo huizima ile ya kwanza. Usiku mmoja wa kipupwe hautoshi. Baridi sharti idumu.

Mpanda, sawa na Unguja na Pemba, haipati baridi ya namna hiyo. Dalili yake ni rahisi: ukipasua shina kwa wembe, utaikuta ncha ya kukua ingali chini karibu na ardhi.

Ipo ngano nyingine ambayo VRN1 yake hufanya kazi bila kungoja baridi. Ndiyo iliyolimwa Basotu, Hanang, katika mashamba yaliyosaidiwa na Kanada tangu miaka ya 1970. Basi wenye dhamana ya kuagiza mbegu, kabla ya kuuliza bei, hawana budi kuuliza aina.