Mafuta ya alizeti: asidi inasema yametunzwaje, iodini inasema ni mafuta gani

Leo tuzungumzie namba mbili za mafuta ya kula ambazo watu wengi wanazichanganya, na kuzichanganya kunaweza kumharibia mtu biashara bila kosa.

Kuna kikundi cha akina mama huku Mbagala, Temeke. Wananunua mbegu za alizeti zinazotoka Singida, wanakamua kwa mashine ndogo, wanachuja na kuuza kwenye vidumu. Mwenye duka mmoja aliyekuwa mteja wao mkubwa akarudisha mzigo. Akasema mafuta yanakwaruza koo, kwa hiyo yamechakachuliwa. Tena akawaonyesha chupa ya muuzaji mwingine, mafuta meupe, safi, hayana harufu, na lebo imeandikwa alizeti. "Haya ndo mafuta," akawaambia.

Mwenyekiti wao akanipigia: "Bwana shamba, sisi hatujachanganya kitu. Tutathibitishaje?" Nikachukua chupa ndogo ya mafuta yao na ile ya dukani, nikaenda nazo kwenye maabara ya chuo kimoja ninakofahamiana na fundi wa maabara. Tukapima zote mbili kwa taitresheni, yaani kudondosha dawa ya nguvu inayojulikana mpaka rangi ibadilike, halafu unasoma umetumia mililita ngapi.

Tuanze na namba ya asidi. Mafuta yakiwa mazima, asidi zake zimefungwa pamoja na gliserini. Maji na vimeng'enya vya mbegu vikiyashambulia, asidi zinaachiwa huru. Namba ya asidi ni miligramu za potasiamu haidroksaidi (KOH) zinazohitajika kuzituliza asidi hizo huru katika gramu moja ya mafuta.

Tulipima gramu 5 za mafuta, tukayeyusha kwenye mililita 50 za spiriti ya moto, tukatia matone ya fenolfthaleini, kisha tukadondosha KOH ya nguvu 0.1 N kutoka kwenye bureti huku tukitikisa. Ukiona rangi ya waridi imekaa sekunde 30 bila kupotea, simama hapo. Hesabu ni hii:

```
namba ya asidi = 56.1 × N × V ÷ W
```

N ni nguvu ya dawa, V ni mililita ulizotumia, W ni uzito wa mafuta kwa gramu. Mafuta ya akina mama yalitumia mililita 4.2, kwa hiyo 56.1 × 0.1 × 4.2 ÷ 5 = 4.7. Ya dukani yalitumia mililita 0.3 tu, ambayo ni kama 0.3. Viwango vya kimataifa vya chakula vinaruhusu mpaka 4.0 kwa mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa, na 0.6 kwa yaliyosafishwa. Kwa hiyo akina mama walifeli, chupa ya duka ikapita.

Hapa kuna makosa mawili ya kuangalia. Spiriti yenyewe huwa na asidi kidogo, kwa hiyo ituliziwe kwanza kwa KOH mpaka iwe waridi hafifu kabla ya kutia mafuta. La pili, KOH iliyokaa wazi inavuta hewa ukaa na kupungua nguvu. Utatumia mililita nyingi na mafuta yataonekana mabaya kuliko yalivyo. Pima nguvu yake upya kabla ya kazi.

Tungeishia hapo, mwenye duka angeshinda kesi. Lakini yeye hakudai kwamba mafuta yametunzwa vibaya. Alidai yamechanganywa, na swali hilo namba ya asidi hailijibu.

Ndipo tukaja kwenye namba ya iodini. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha vifungo maradufu ndani ya asidi zake, na iodini hujishika hapo. Namba yenyewe ni gramu za iodini zinazomezwa na gramu 100 za mafuta. Alizeti ya kawaida iko kati ya 118 na 141, karanga 77 mpaka 107, mawese karibu 50 mpaka 55, na nazi haizidi 11.

Tulipima gramu 0.20 za mafuta, tukayeyusha kwenye mchanganyiko wa saikloheksani na asidi ya asetiki, tukatia mililita 25 za dawa ya Wijs. Tukafunga chupa na kuiweka gizani saa moja. Baada ya hapo tukatia potasiamu iodaidi na maji, ili iodini iliyobaki ijitokeze, tukaidondoshea sodiamu thayosalfeti ya 0.1 N. Rangi ya njano ikikaribia kwisha unatia maji ya wanga, inakuwa bluu, unaendelea mpaka bluu ipotee. Chupa nyingine isiyo na mafuta inafanyiwa hivyo hivyo, ndiyo ya kulinganishia.

```
namba ya iodini = 12.69 × N × (B − S) ÷ W
```

B ni mililita za chupa tupu na S ni za chupa yenye mafuta. Chupa tupu ilitumia 49.6. Mafuta ya akina mama yalitumia 29.7, jibu 126. Ya dukani yalitumia 35.7, jibu 88.

Hakikisha S haishuki chini ya nusu ya B. Ikishuka, umeweka mafuta mengi, iodini haikutosha na jibu litakuwa dogo kuliko ukweli. Halafu dawa ya Wijs ina klorini na ni sumu kali, usiijaribu nyumbani.

Kwa hiyo mafuta ya akina mama yanalingana na alizeti, na hayakuonyesha dalili ya kuchanganywa na mawese. Ila yameharibika. Yale meupe ya dukani yametunzwa vizuri sana, lakini 88 si alizeti ya kawaida.

Hapa nisimhukumu mtu haraka. Kuna mbegu za alizeti zenye oleiki nyingi ambazo namba yake ni 78 mpaka 90, na hata alizeti ya kawaida ikikomaa kwenye joto kali namba hushuka. Tukaweka chupa zote kwenye friji usiku kucha. Ya dukani iliganda nusu kama uji, ya akina mama ikabaki kimiminika. Hapo shaka ya mawese iliongezeka, lakini uthibitisho kamili ni kupima asidi moja moja kwa gesi kromatografia kwenye maabara kubwa.

Turudi kwa ile 4.7 ya akina mama. Nilipokwenda stoo nilikuta magunia yamelazwa sakafuni, na ilikuwa masika. Mbegu zilivuta unyevu, vimeng'enya vikaanza kazi kabla hata ya kukamua. Pia mafuta yalikaa kwenye pipa juu ya mashapo yenye maji. Tukaanika mbegu mpaka chini ya asilimia 9 ya unyevu, magunia yakapanda juu ya mbao, na mafuta yakawa yanachujwa mara yakitulia. Mzigo uliofuata ulitumia mililita 1.4, yaani namba ya asidi 1.6.

Mwenye duka alipewa karatasi yenye namba zote nne. Alichukua vidumu kumi vya mzigo mpya, na ile chupa nyeupe akaitoa mbele ya rafu. Mzigo ule wa 4.7 akina mama hawakuuza kama mafuta ya kula, ulikwenda kwa mtengeneza sabuni.