Sikio Lililokufa Husikia kwa Jirani

Swali hili, au ndugu yake, hukutana nalo karibu kila mwanafunzi wa utabibu siku ya mtihani wa masikio, pua na koo. Mwanamke wa miaka 41 alipata mafua mepesi. Siku tatu zilizopita aliamka asubuhi akakuta sikio la kulia limeziba, na ndani yake kuna mvumo usiokoma. Daktari akimulika sikio haoni nta wala usaha, na kiwambo ni kizima. Anachukua uma wa sauti na kupata majibu matatu: Rinne ya kulia ni hasi, Rinne ya kushoto ni chanya, na Weber inakwenda kushoto. Mtahini anauliza: kilichoharibika ni nini, na kiko wapi?

Wanafunzi wengi huona neno "hasi" upande wa kulia na kuandika haraka kwamba sikio la kulia lina kizuizi. Wanakosa. Kosa hilo likifanyika kwenye karatasi linaondoa alama moja. Likifanyika mbele ya mgonjwa, linaweza kumpotezea sikio.

Ili kuona mtego ulipo, tuifuate sauti kwanza. Inaingia kwenye tundu la sikio, inagonga kiwambo, na kiwambo kinatikisa vifupa vitatu vidogo kuliko vyote mwilini: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kinasukuma maji yaliyomo ndani ya kifuko kilichojizungusha kama gamba la konokono. Humo mna chembe zenye vinyweleo, na hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa habari ambayo neva hupeleka kwenye ubongo. Kwa hiyo mtu anaweza kutosikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni barabara kuziba: nta imejaa, maji yamekaa nyuma ya kiwambo, kiwambo kimetoboka, au kikuku kimeganda. Tuuite uziwi wa njia. Ya pili ni barabara kuwa wazi kabisa, lakini konokono au neva yake imeumia. Huo ni uziwi wa neva. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuzitofautisha, kwa sababu zote mbili humfanya aseme neno lile lile: "Sikio limeziba."

Uma wa sauti hutofautisha kwa sababu sauti ina njia nyingine ya kufika kwa konokono, nayo ni mfupa wa kichwa. Ukigusisha chuma kinachotetemeka kwenye fuvu, mtikisiko hupita kando ya kiwambo na vifupa, ukamfikia konokono moja kwa moja. Basi tunalinganisha: hewa inafikisha kiasi gani, na mfupa unafikisha kiasi gani?

Chuma chenyewe kina mpini mmoja na meno mawili. Alikibuni mpiga tarumbeta wa Uingereza, John Shore, mwaka 1711, kwa ajili ya kuwianisha ala za muziki. Majaribio mawili tunayotumia yanabeba majina ya Wajerumani wa karne iliyofuata: Ernst Heinrich Weber, aliyeandika kuhusu jambo hili mwaka 1834, na Heinrich Adolf Rinne, mwaka 1855. Uma unaotumika zaidi leo hutetemeka mara 512 kwa sekunde. Wenye mtetemo wa chini zaidi mgonjwa huuhisi kwenye ngozi, akadhani anausikia. Wenye mtetemo wa juu zaidi hunyamaza kabla hujamaliza kuuliza. Ugonge kwenye kiwiko au gotini kwako. Ukiupiga mezani unatoa sauti nyingine za juu zinazovuruga jibu.

Weber ni rahisi kufanya na ngumu kuamini. Uma ukishatetemeka, weka mpini katikati ya paji la uso au utosini, kisha uliza: "Unasikia wapi?" Mwenye masikio mazima husikia katikati. Mwenye uziwi wa neva upande mmoja husikia kwenye sikio zima, na hilo halimshangazi mtu. Ajabu ni mwenye uziwi wa njia, maana yeye husikia zaidi kwenye sikio lile lile bovu.

Jaribu mwenyewe sasa hivi. Ziba sikio la kulia kwa kidole, funga mdomo, uvume "mmm". Sauti imehamia kulia, kwenye sikio uliloziba. Kelele za nje hazimfikii tena konokono wa upande huo, na sauti ya mfupa ambayo ingetokea tundu la sikio imefungiwa ndani. Nta au maji nyuma ya kiwambo hufanya kazi ile ile ya kidole chako.

Hapa ndipo nimeona majibu mengi ya Weber yakiharibika, na uma hauna kosa. Mgonjwa aliyekuja kulalamikia sikio la kushoto anasikia uma ukilia kushoto, anaona haiingii akilini, anaona haya kusema, basi anajibu "kulia" ili asionekane anadanganya. Ukimuuliza "Unasikia vizuri sikio gani?" umemzidishia shida, kwa sababu anajibu habari ya maisha yake na kuuacha uma. Ni bora kumwambia mapema: "Mama, sauti inaweza kusikika upande wowote, hata ule mbovu. Nionyeshe tu kwa kidole." Kidole hakina haya.

Rinne hupima sikio moja moja. Bonyeza mpini wa uma kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, kwa nguvu kiasi, huku mkono mwingine ukishikilia kichwa upande wa pili. Mtandio na nywele viondolewe hapo, maana kitambaa kikikaa katikati hunyonya mtikisiko. Kisha sogeza meno ya uma mbele ya tundu la sikio, sentimita 2 au 3 hivi, bila kugusa nywele. Uliza: "Wapi kumelia zaidi, nyuma au mbele?" Kwenye sikio zima mbele hushinda, kwa sababu kiwambo na vifupa hukuza sauti ya hewa. Hiyo huitwa Rinne chanya. Barabara ikiwa imeziba, nyuma hushinda, na hiyo ni Rinne hasi. Majina haya huwachanganya wanafunzi, kwani katika vipimo vingi vya hospitali "hasi" ndiyo habari njema. Hapa chanya ndiyo ya sikio lenye njia wazi.

Hilo halina maana kwamba sikio lenye Rinne chanya linasikia vizuri. Mzee ambaye masikio yote mawili yamechoka kwa umri atakupa Rinne chanya kulia na kushoto, na Weber katikati, sawasawa na kijana mwenye afya. Sauti ya hewa na ya mfupa zote zimepungua kwake kwa kipimo kimoja, hivyo mbele bado kunashinda nyuma. Uma hukuambia aina ya uziwi. Ukubwa wake unahitaji mashine ya kupimia usikivu.

Sasa turudi kwa mwanamke wetu. Uma ulipowekwa nyuma ya sikio la kulia alisema, "Nasikia." Ulipoletwa mbele ya tundu alisema, "Sisikii kitu." Nyuma kumeshinda mbele, kwa hiyo Rinne ni hasi. Lakini je, alisikia kwa sikio gani? Fuvu ni mfupa mmoja. Mtikisiko unaoingia nyuma ya sikio la kulia humfikia konokono wa kushoto karibu bila kupungua. Sauti ya hewa haivuki hivyo, kwa kuwa kichwa kinaizuia. Ikiwa konokono wa kulia amekufa, uma ukiwa mbele ya tundu hausikiki, ila ukiwa juu ya mfupa husikika kwa msaada wa jirani. Mgonjwa anasema kweli tupu, nasi tunadanganyika. Madaktari huiita Rinne hasi ya uongo.

Weber ndiyo inayoifichua. Kama kweli kulia kungekuwa na kizuizi kilichotosha kuigeuza Rinne kuwa hasi, Weber ingekwenda kulia bila kusita, maana Weber hukamata hata kizuizi kidogo ambacho Rinne hukikosa. Hapa imekwenda kushoto. Majibu mawili yanagombana, na yakigombana namna hii, sikio lenye Rinne hasi lishukiwe kuwa limekufa. Unaweza kuhakikisha kwa kurudia Rinne huku sikio la kushoto likipigiwa kelele ya kulishughulisha. Kuna kifaa maalumu cha kazi hiyo. Pasipokuwa nacho, msaidizi akisugua karatasi juu ya sikio hilo husaidia kiasi. Jirani akishughulishwa, mwanamke huyu hatasikia uma nyuma wala mbele.

Jibu la mtihani, basi, ni uziwi mkubwa wa neva wa ghafla, sikio la kulia.

Ghafla, kwa kipimo cha madaktari, ni usikivu kushuka kwa desibeli 30 au zaidi katika ngazi tatu za sauti zinazofuatana, ndani ya saa 72. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Matibabu ya kawaida ni steroidi, kwa mfano vidonge vya prednisoloni vya miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito bila kuzidi 60 kwa siku, au sindano inayopitishwa kwenye kiwambo. Si wote wanaopona, na wengine hupona bila dawa, lakini nafasi ya kupona ni kubwa zaidi dawa ikianza ndani ya wiki 2 za mwanzo. Baadaye mgonjwa hupigwa picha ya kichwa, kwa sababu mara chache chanzo ni uvimbe kwenye neva ya sikio.

Linganisha na yule anayerudishwa nyumbani na matone ya kulainisha nta ambayo haipo, au na vidonge vya mafua, akiambiwa arudi baada ya wiki 3 kama halijazibuka. Muda huo ndio ambao dawa ingefanya kazi.

Kwa hiyo ukiamka na sikio moja halisikii, funga mdomo na uvume "mmm". Ukisikia mvumo umehamia kwenye sikio zima, hiyo si dalili ya nta. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, na kabla hujaandikiwa matone mwombe akupime kwa uma, Rinne na Weber zote mbili. Na hata mvumo ukikupa jibu la kutia moyo, sikio lililozimika ghafla halisubiri wiki ijayo.