Hasara ya Miaka Inafutwaje Vitabuni, na Nani Anaibeba

Kampuni inaweza kupata faida mwaka huu na bado wenye hisa wake wasipate hata shilingi moja ya gawio. Chukua kiwanda cha kusaga unga nchini Kenya, mfano niliotunga kwa ajili ya makala haya. Kwa miaka kadhaa mahindi yalipanda bei, mashine zikaharibika, hasara zikalimbikizana hadi kufika Sh milioni 310. Sasa mambo yametengemaa na kiwanda kinapata faida ya Sh milioni 45 kwa mwaka. Lakini Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 inataka gawio litoke kwenye faida iliyopatikana baada ya kuondoa hasara zilizolimbikizwa. Kwa mwendo huo, kiwanda kitahitaji karibu miaka saba ya faida mfululizo ili kufukia shimo tu, kabla ya kufikiria gawio.

Kuna kizuizi cha pili. Kila hisa ya kawaida ya kiwanda hiki iliandikishwa kwa thamani ya Sh 1,000, na sheria hairuhusu kampuni kuuza hisa mpya chini ya thamani hiyo iliyoandikishwa. Mtu mwenye fedha akisoma hesabu na kuona kwamba nyuma ya hisa hiyo hakuna mali ya Sh 1,000, hatainunua. Kampuni inakosa mtaji mpya kwa sababu ya namba ambayo haina ukweli tena.

Dawa ya hali hii ni ujenzi upya wa kampuni kwa kupunguza mtaji wa hisa. Wanafunzi wa uhasibu wanalijua swali lake vizuri, maana ni la kawaida katika mitihani. Nje ya darasa hueleweka vibaya, kana kwamba wahasibu wana uwezo wa kufanya hasara iyeyuke. Hasara haiyeyuki. Hasara ilishatokea siku mashine ziliposimama na unga ulipouzwa kwa bei ya kutupa. Kinachofanyika sasa ni kuandika vitabuni ni nani hasa aliyeipata.

Tuitazame mizania ya kiwanda kabla ya mpango. Upande wa mtaji kuna hisa za kawaida 600,000 zenye jumla ya Sh milioni 600, hisa za upendeleo 200,000 za Sh 1,000 kila moja zenye jumla ya Sh milioni 200, na ziada iliyolipwa juu ya bei ya hisa, Sh milioni 40. Ukiondoa hasara ya Sh milioni 310, wenye kampuni wanabaki na Sh milioni 530. Kampuni inadaiwa Sh milioni 150 za hati fungani na Sh milioni 170 za wauzaji wa mahindi na wengineo. Jumla ni Sh milioni 850.

Upande wa mali kuna ardhi na majengo ya Sh milioni 280, mashine za Sh milioni 260, bidhaa ghalani Sh milioni 120, wadaiwa Sh milioni 110 na fedha taslimu Sh milioni 10. Zilizobaki, Sh milioni 70, ni thamani ya jina la biashara. Hii ni ziada ambayo kampuni ililipa zamani iliponunua kinu kingine chenye wateja wengi. Wateja hao walishaondoka.

Hapa ndipo kazi ya kweli inapoanza, nayo haianzi na kalamu ya mhasibu. Inaanza na kuulizana kila mali ina thamani gani leo. Wathamini wanasema mashine hazizidi Sh milioni 230. Ghalani kuna unga na vifungashio vya Sh milioni 8 visivyouzika. Kuna wadaiwa wa Sh milioni 6 ambao hawatalipa kamwe. Jina la biashara halina thamani tena. Kampuni inayofuta hasara ya zamani bila kugusa mali zilizokuzwa thamani inaacha hasara nyingine imejificha humohumo, na baada ya mwaka mmoja au miwili itajitokeza. Kwa hiyo kiasi cha kufutwa si Sh milioni 310 pekee. Ongeza jina la biashara 70, mashine 30, bidhaa 8 na wadaiwa 6, unapata Sh milioni 424. Gharama za wanasheria na wathamini ni Sh milioni 4. Jumla, Sh milioni 428.

Zitatoka wapi? Wenye hisa za kawaida wanakubali hisa zao zishushwe kutoka Sh 1,000 hadi Sh 400. Wanaachia Sh milioni 360. Wenye hisa za upendeleo wanashuka kutoka Sh 1,000 hadi Sh 850, na kuachia Sh milioni 30. Ziada ya bei ya hisa inatumika yote, Sh milioni 40. Jumla ni Sh milioni 430.

Mhasibu hufungua akaunti moja ya muda, akaunti ya upunguzaji wa mtaji. Kila kilichoachiwa na wenye hisa huingia humo upande wa krediti, na kila hasara hutolewa humo upande wa debiti. Katika daftari la jonali, maingizo ya kwanza, kwa mamilioni ya shilingi, husomeka hivi:

Debiti: Mtaji wa hisa za kawaida za Sh 1,000 — 600
Krediti: Mtaji wa hisa za kawaida za Sh 400 — 240
Krediti: Upunguzaji wa mtaji — 360

Debiti: Mtaji wa hisa za upendeleo za Sh 1,000 — 200
Krediti: Mtaji wa hisa za upendeleo za Sh 850 — 170
Krediti: Upunguzaji wa mtaji — 30

Debiti: Ziada ya bei ya hisa — 40
Krediti: Upunguzaji wa mtaji — 40

Anayeanza hujiuliza kwa nini mtaji unadebitiwa. Mtaji hukaa upande wa krediti, kwa kuwa ni haki ya wenye kampuni juu ya mali zake. Kuipunguza haki hiyo ni kuiandika upande wa pili. Tazama pia kwamba akaunti ya hisa za zamani imefungwa yote na mpya ikafunguliwa, maana hisa ya Sh 400 si aina ileile ya hisa ya Sh 1,000. Idadi ya hisa haikubadilika. Aliyekuwa na hisa mia bado anazo mia.

Kisha akaunti hiyo inatumika:

Debiti: Upunguzaji wa mtaji — 428
Krediti: Hasara iliyolimbikizwa — 310
Krediti: Jina la biashara — 70
Krediti: Mashine — 30
Krediti: Bidhaa ghalani — 8
Krediti: Wadaiwa — 6
Krediti: Fedha taslimu (gharama za mpango) — 4

Zinabaki Sh milioni 2. Katika majibu ya mitihani salio hili hupelekwa kwenye akiba ya mtaji, wala haligawiwi kama faida ya biashara. Akaunti ya upunguzaji wa mtaji lazima iishie sifuri. Ikibaki na salio, kuna ingizo lililosahaulika au hesabu ya mpango haikutosha tangu mwanzo.

Mtego mmoja huwanasa wengi. Tuseme hisa za upendeleo zilikuwa na haki ya gawio la asilimia 8, na gawio la miaka mitatu, Sh milioni 48, halikulipwa. Wenye hisa hizo wamekubali kulisamehe. Mwanafunzi huona Sh milioni 48 na kukimbilia kuziandika kwenye jonali. Haziandikwi. Gawio ambalo halijatangazwa halikuwahi kuwa deni vitabuni; lilitajwa kwenye maelezo ya hesabu tu. Kilichosamehewa bila kuandikwa hakina cha kufutwa. Ingekuwa kampuni imekubali kulipa sehemu yake, hapo ndipo akaunti ya upunguzaji ingedebitiwa.

Mizania mpya ina hisa za kawaida 240, hisa za upendeleo 170, akiba ya mtaji 2, hati fungani 150 na wadai 170, jumla Sh milioni 732. Mali ni majengo 280, mashine 230, bidhaa 112, wadaiwa 104 na taslimu 6, jumla 732. Angalia mstari wa fedha taslimu. Hakuna shilingi iliyoingia. Sh milioni 4 zimetoka. Kama sababu iliyoleta hasara ingali pale, ukarabati huu wa vitabu utarudiwa.

Sasa tuulize nani amepoteza. Mwenye hisa ya kawaida huona Sh 1,000 ikiwa Sh 400 na kudhani amenyang'anywa Sh 600. Pima kwa mali halisi. Kabla ya mpango, ukiondoa mali zisizo na thamani, wenye kampuni walikuwa na Sh milioni 416. Wenye hisa za upendeleo, ambao katika kiwanda hiki wana haki ya kurudishiwa mtaji wao kwanza kampuni ikifungwa, wangechukua 200. Zilizobaki 216, kwa hisa 600,000, ni Sh 360 kwa hisa. Baada ya mpango, mtaji wote ni 412. Ukitoa 170 za upendeleo zinabaki 242, yaani kama Sh 403 kwa hisa. Mwenye hisa ya kawaida ameongezewa, naye aliyemwongezea ni mwenye hisa ya upendeleo, aliyeachia Sh milioni 30.

Ndiyo maana wenye hisa za upendeleo hawakubali bure. Gawio lao la asilimia 8 kwa Sh milioni 200 lilikuwa Sh milioni 16 kwa mwaka. Ili lisishuke kwa mtaji wa Sh milioni 170, kiwango lazima kifike karibu asilimia 9.4. Mpango wetu unawapa asilimia 10, yaani Sh milioni 17. Kwa maoni yangu bado ni kidogo kwa watu waliosamehe miaka mitatu ya gawio, na ningekuwa miongoni mwao ningedai pia sehemu ya hisa za kawaida, ili kiwanda kikinawiri nao wafaidi.

Wadai hawajaguswa, lakini sheria inawaangalia. Tangu mahakama ya juu ya Uingereza ilipoamua kesi ya Trevor dhidi ya Whitworth mwaka 1887, kanuni ni kwamba mtaji wa kampuni haurudishwi kwa wenye hisa kienyeji, kwa sababu wadai wanautegemea. Sheria ya Kenya inataka azimio maalumu, lenye robo tatu ya kura, kisha uthibitisho wa mahakama. Kampuni binafsi inaweza badala yake kutumia tamko la wakurugenzi wote kwamba kampuni itaweza kulipa madeni yake katika miezi 12 ijayo. Mkurugenzi anayetia sahihi bila sababu za msingi anatenda kosa la jinai. Katika mpango kama wetu wadai wana sababu chache za kulalamika, maana hakuna mali inayowaendea wenye hisa. Mambo hubadilika pale mpango unaporudisha fedha kwa wenye hisa au kuwasamehe malipo ambayo bado wanadaiwa juu ya hisa zao.

Ukipokea barua ya kukuita kwenye mkutano wa kupunguza mtaji, usiishie kwenye thamani mpya ya hisa. Omba mizania ya kabla na ya baada, angalia ni mali zipi zimeachwa bila kuthaminiwa upya, kokotoa mali halisi kwa kila hisa ya aina yako, ndipo upige kura.