Namna ya kukokotoa urefu wa mkanda wa kinu kabla ya kwenda dukani

MKANDA wa kinu cha kusaga mahindi ukikatika asubuhi mjini Isebania, mwenye kinu hana muda wa kubahatisha. Akinunua usio wa kipimo chake, huenda muuzaji asikubali kuurudisha ukishavishwa, na wateja huenda na debe zao kwa jirani, au wakavuka mpaka hadi Sirari upande wa Tanzania. Ikiwa mkanda wa zamani bado una namba, kazi ni rahisi. Tatizo huja namba inapofutika, au puli inapobadilishwa.

Chukua mfano wa kinu kinachoendeshwa na mota ya umeme inayozunguka mara 1440 kwa dakika. Kinu kinatakiwa kuzunguka mara 2880, kwa hiyo puli ya mota huwa na kipenyo maradufu ya ile ya kinu: milimita 300 kwa 150. Mwenye kinu angependa vitovu vya puli hizo viwe na umbali wa milimita 600. Je, anunue mkanda gani?

Mkanda huzunguka takriban nusu ya kila puli, na kati ya puli hizo una pande mbili zilizonyooka. Nusu ya mzingo wa duara ni kipenyo mara 1.57. Kwa kuwa puli moja ni kubwa kuliko nyenzake, pande hizo zimeinama kidogo, na mwinamo huo huongeza urefu mdogo. Yote hayo huandikwa hivi, C ikiwa umbali wa vitovu, D kipenyo kikubwa na d kipenyo kidogo:

L = 2C + 1.57(D + d) + (D - d)² / 4C

Katika mfano wetu, 2C ni 1200. Jumla ya vipenyo, 450, mara 1.57 ni 706.5. Tofauti ya vipenyo ni 150. Ikizidishwa kwa yenyewe ni 22500, na ikigawanywa kwa 2400 hupatikana 9.4. Urefu unaohitajika ni karibu milimita 1916.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mikanda ya aina ya B, ambayo upana wake wa juu ni milimita 17, huuzwa kwa namba kama B72 au B75, na namba hiyo ni inchi za urefu wa ndani. Hesabu yetu inahusu urefu wa mkanda pale nyuzi zake zinapobeba mzigo, ambao kwa aina ya B huzidi ule wa ndani kwa takriban milimita 43. Kwa hiyo B75 ni milimita 1905 ndani, lakini katika hesabu ni 1948. Vivyo hivyo, anayepima puli ukingoni kwa nje atapata kipenyo kikubwa kuliko kile kinachofanya kazi, kwa kuwa nyuzi hukaa ndani kidogo ya ukingo.

Tuseme duka lina B75 pekee. Imezidi urefu wetu kwa milimita 32, na kwa kuwa mkanda una pande mbili, mota husogezwa nusu ya ziada hiyo, yaani 16. Vitovu vitakuwa umbali wa milimita 616. Njia hii ya mkato inatosha mradi tofauti ni ndogo. Kanuni kamili nayo hutoa 616 katika mfano huu.

Kabla ya kulipa, fundi hana budi kutazama matundu ya boliti chini ya mota. Lazima mota iweze kusogea ndani milimita 30 hivi, ili mkanda uvishwe bila kulazimishwa kwa bisibisi, jambo linalokata nyuzi zake. Nje pia ibaki nafasi kubwa kuliko hiyo, kwani mkanda mpya hunyooka. Mota ikiwa tayari imefika mwisho wa matundu, mkanda huo ni mrefu mno hata kama hesabu inaukubali.

Baada ya kuuvisha, ubonyezwe katikati ya upande ulionyooka: kwa umbali huu ushuke karibu milimita 10 kwa nguvu ya wastani. Ukilegea, utateleza kinu kinaposhiba mahindi, utalia na kunuka mpira ulioungua. Ukikazwa kupita kiasi, beringi zitapata moto. Sakafu ya mfereji wa puli ikiwa inang'aa, kosa si la urefu: mkanda unakalia chini badala ya kubana kuta za mfereji, na kusogeza mota hakutasaidia. Aidha mkanda ni mwembamba kwa mfereji huo, au kuta zimelika na puli inahitaji kubadilishwa.