Nta ya Masikio: Pamba Huisukuma, Matone Huilainisha

Ukizungusha kijiti cha pamba sikioni kisha ukakitoa, ncha yake huwa na rangi ya kahawia, nawe unaridhika kwamba umesafisha. Hicho ulichokiona ni nta ya pembeni tu. Iliyobaki imesogezwa ndani zaidi, mahali ambapo isingefika yenyewe.

Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa sentimita 2.5 hivi, na nta hutengenezwa kwenye sehemu ya nje tu, ile yenye vinyweleo. Kazi yake ni kunasa vumbi, kuzuia maji yasilowanishe ngozi na kudhoofisha vijidudu. Ngozi ya mfereji nayo husogea polepole kutoka kwenye ngoma ya sikio kuelekea nje, ikiibeba nta iliyokauka, na tunapotafuna au kuzungumza taya huisaidia. Kwa watu wengi, basi, usafi wa sikio ni kupangusa tu kwa kitambaa kile kilichokwisha kutoka nje.

Tuchukue mfano wa mtu anayetumia pamba kila baada ya kuoga. Kila siku anairudisha ndani nta iliyokuwa njiani kutoka, hadi inashindiliwa na kuwa donge. Siku moja maji yanaingia, donge linavimba na sikio linaziba kabisa. Anaongeza bidii ya kuchokonoa, anakwaruza ngozi, na siku mbili baadaye sikio linauma hata likiguswa kwa nje. Sasa ana matatizo mawili: nta iliyoziba na maambukizi ya ngozi. Angezidi kidogo, au mtoto akamgonga kiwiko, angetoboa ngoma. Njiti ya kiberiti, pini na unyoya wa kuku vina hatari hiyohiyo.

Mshumaa wa sikio ni bomba la kitambaa lililochovywa nta, ambalo huwashwa upande mmoja huku upande wa pili umewekwa sikioni. Wauzaji husema moto huo huvuta uchafu. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walipima na hawakukuta mvuto wowote. Hakuna nta iliyotoka, na baadhi ya masikio yaliongezewa nta ya mshumaa wenyewe. Ule unga wa kahawia unaoonyeshwa mteja baadaye ni mabaki ya mshumaa, na hupatikana hata ukiuwasha bila kuugusisha sikioni. Mwaka 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya watu kuhusu kuungua, ngoma kutoboka na mfereji kuzibwa.

Matone hayavuti wala hayasukumi. Nta imechanganyika na chembe za ngozi iliyokufa. Matone yenye maji, kama ya chumvi au magadi maalumu ya dukani, huziingia chembe hizo, zikavimba na kuachana, na donge likavunjika. Mafuta, kama ya zeituni, hayaiyeyushi nta; huilainisha na kuitelezesha. Matone ya peroksaidi hutoa povu linalolegeza donge. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba baada ya siku 5 za matone, takribani masikio 22 kati ya 100 yalisafika kabisa, ikilinganishwa na 5 kati ya 100 bila tiba. Haukupata ushahidi kwamba aina moja inazishinda nyingine. Kwa hiyo bei kubwa si dalili ya dawa bora.

Shika chupa mkononi dakika chache ipate joto la mwili, kwani matone ya baridi huleta kizunguzungu. Lala ubavu, vuta sikio juu na nyuma, tia matone mawili au matatu, ubaki hivyo dakika 5 hadi 10. Fanya hivyo mara mbili kwa siku, kwa siku 3 hadi 5. Mwanzoni unaweza kusikia vibaya zaidi, maana nta imevimba. Huo si wakati wa kurudia pamba.

Usitie matone ikiwa sikio linatoa usaha au damu, linauma sana, limewahi kufanyiwa upasuaji, au ngoma imetoboka. Likibaki limeziba baada ya siku 5, nenda kituo cha afya. Mhudumu atatazama kwa kifaa chenye taa, kisha ataosha kwa maji yenye joto la mwili au atatoa nta kwa kifaa cha kunyonya. Na kama usikivu umepotea ghafla bila sababu ya wazi, usingoje siku 5 za matone: huenda si nta, bali mshipa wa fahamu, na tiba yake inataka kuanza mapema. Nenda siku hiyohiyo.