Tumbo inawaka ukiwa na njaa? Weka kwanza chini vidonge vya mgongo

Wandugu wachimbaji na jamaa zenu, kuko maumivu moja ambayo wengi kwetu wanayajua, kuanzia Kabalo mpaka Manono na Kisengo. Mtu anakula bukari saa moja ya asubuhi, anashuka kazini, hana neno. Inapofika saa nne, chini ya kifua, pale mbavu zinapokutana, moto unaanza. Haukati kama kisu, unaunguza kama mkaa. Akipata muhogo au ndizi, moto unapoa. Saa mbili au tatu zikipita, unarudia. Usiku wa manane unamwamsha, anaamka kutafuta kitu cha kutia tumboni ili alale.

Watu wanasema ni njaa tu, wengine wanasema ni sumu. Lakini moto unaokuja tumbo ikiwa tupu, unaopoa ukikula na unaokuamsha usiku, unafanya munganga awaze kidonda. Mara nyingi kidonda cha namna hii kiko pale tumbo inapoishia na utumbo mwembamba unapoanza. Tumbo inatoa asidi kali ya kuyeyusha chakula. Chakula kikiwamo, asidi ina kazi ya kufanya. Chakula kikishuka, asidi inabaki peke yake na kuguza nyama iliyo wazi. Ndiyo maana moto una saa zake. Kidonda kilicho ndani ya tumbo yenyewe kinaweza kufanya kinyume: unakula, na maumivu yanaanza palepale.

Saa za maumivu zinaonyesha njia, lakini hazitoshi kukata neno. Minyoo ya safura, ambayo inaingia kwa ngozi ya mguu wa mtu anayekanyaga udongo wenye maji bila viatu, inaweza kuleta moto unaofanana na huo. Tena, maumivu ya kifua yanayokuja ukibeba mzigo au ukipanda kilima, pamoja na jasho na kukosa pumzi, usiyaite tumbo. Hayo yanaweza kuwa moyo, na munganga ayaone siku hiyohiyo.

Sasa, kidonda kinatoka wapi? Miaka mingi waganga wa dunia walisema ni mawazo mengi na chakula kikali. Mwaka 1982, ku mji wa Perth katika Australia, waganga wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walionyesha kijidudu kinachoishi ndani ya tumbo. Kinaitwa Helikobakta pilori. Marshall huyo alizaliwa Kalgoorlie, mji wa wachimbaji wa zahabu. Wenzake walikataa kumsadiki, basi mwaka 1984 alikunywa yeye mwenyewe mchuzi wenye vile vijidudu, na tumbo yake ikavimba ndani. Mwaka 2005 wote wawili walipewa zawadi ya Nobeli. Kwa hiyo leo tunajua sababu kubwa za kidonda ni mbili: kijidudu hicho, na vidonge vya maumivu. Mtu akiwa na vyote viwili, hatari inazidi.

Hapa ndipo kazi yetu inaingia. Mtu anayepiga nyundo na kubeba mifuko ya mawe mgongo unamuuma kila siku. Anapita sokoni, anauziwa diklofenaki, ibuprofeni, indosidi au aspirini, moja moja, bila boksi na bila karatasi. Vidonge hivyo vinapunguza maumivu kwa kuzuia kitu fulani ndani ya mwili. Lakini kitu hichohicho ndicho kinachosaidia tumbo kujipakaa ute wa kujilinda na asidi. Ukikizuia, mgongo unapona kidogo na tumbo inabaki bila koti.

Wengi wanasema: "Mimi simezi, napigwa sindano, haipite ku tumbo." Hapana, ndugu. Sindano ya diklofenaki inaingia damuni, na damu inafika tumboni pia. Ule ute unapungua vilevile. Kumeza baada ya kula nako hakulindi vya kutosha mtu anayemeza kila siku. Na ukichanganya na deksa, ile ambayo wengine wanameza ili wanenepe, hatari inapanda zaidi. Kitu kibaya zaidi, kidonge cha maumivu kinaweza kuficha maumivu ya kidonda chenyewe. Mtu hasikii moto mkubwa, kumbe damu inatoka pole pole ndani.

Kama mgongo unauma na tumbo inawaka, parasetamoli ndiyo dawa ya kushika. Kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500, kisha ngoja saa sita, na usipite vinane mchana na usiku. Anayekunywa lutuku sana, aliyekonda sana au mwenye ugonjwa wa maini asifike hapo. Aulize munganga kipimo chake, juu parasetamoli nyingi inaharibu maini. Uliza pia muuzaji kama kidonge ni parasetamoli peke yake, sababu kuko vidonge ambamo imechanganywa na diklofenaki au ibuprofeni. Yule ambaye munganga alimwandikia aspirini kwa ajili ya moyo asiiache mwenyewe, arudi kwa munganga wake kwanza.

Na pilipili je? Pilipili haichimbi kidonda. Lakini kama kidonda kiko, inaweza kuwasha, na kila mtu ana chakula chake kinachomchokoza. Usikatazwe vyakula kumi kwa siku moja. Acha pilipili siku kadhaa, angalia moto unafanya nini, kisha ndimu, kisha kahawa. Kile kinachokuwasha, kiache mpaka upone. Lutuku na tumbaku haziingii katika majaribio hayo, ziache zote mbili. Lutuku inaunguza ngozi ya ndani ya tumbo, na tumbaku inachelewesha kidonda kufunga. Maziwa yanapoza moto kidogo, lakini baadaye yanaamsha asidi tena. Kula kidogo kidogo kuliko kukaa na njaa mpaka mangaribi.

Tufike ku labo, maana hapo ndipo feza nyingi zinapotea bure. Iko namna nne za kutafuta kijidudu. Ya kwanza ni damu ya kidole au ya mkono. Ni rahisi, lakini inaonyesha tu kama mwili umewahi kupambana na kijidudu. Mtu aliyepona anaweza kutoka na jibu la ndiyo muda mrefu. Ya pili ni choo kikubwa: labo inatafuta kipande cha kijidudu chenyewe. Hiyo inaonyesha kama kiko sasa. Ya tatu ni kupima pumzi, lakini inaomba mashine yake. Ya nne ni kamera nyembamba inayopita kinywani mpaka tumboni, na munganga anaona kidonda kwa macho na kukata kipande kidogo cha kupima. Hiyo unaitafuta ku hopitali kubwa za miji kama Lubumbashi. Kwa mtu wa Kabalo ambaye hana dalili za hatari, kipimo cha kuulizia kwanza ni cha choo. Ukipeleka choo, omba waangalie na minyoo.

Tuchukue mfano. Mchimbaji wa miaka 41 amemeza diklofenaki asubuhi na jioni kwa wiki tatu juu ya mgongo. Moto wa tumbo unaanza. Rafiki anamwambia anunue omeprazoli, dawa inayopunguza asidi. Anaimeza siku saba, anasikia vizuri. Siku ya nane anapeleka choo ku labo, jibu ni hapana. Anafurahi, anarudi ku diklofenaki, na baada ya siku kumi moto umerudi kuliko mbele.

Kosa liko wapi? Omeprazoli inalaza kijidudu bila kukiua. Kinapungua hata labo isikione. Mbele ya kipimo cha choo au cha pumzi, mtu anapashwa kukaa wiki mbili bila omeprazoli, na wiki nne bila antibiotiki yoyote, hata ile amoksisilini ya kikohozi. Huyu mtu, basi, aache diklofenaki, amwambie munganga dawa zote alizomeza, angoje wiki mbili huku akitafuna tu vile vidonge vyeupe vya kuzima asidi moto ukizidi, kisha arudishe choo. Safari hii jibu ni ndiyo.

Hapo munganga anamwandikia omeprazoli pamoja na antibiotiki mbili, mara nyingi kwa siku 14. Ndani yake inaweza kuwamo metronidazoli, na hiyo haipatani na pombe hata tone. Siku ya tano moto umezima, na hapo wengi wanaacha, wanaweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mtoto. Kijidudu kilichobaki kinazoea dawa, na safari ya pili dawa zilezile hazikiwezi. Amalize siku zote. Wiki nne baada ya antibiotiki ya mwisho, na wiki mbili bila omeprazoli, apime choo tena. Asipime damu, maana damu itasema ndiyo hata kama amepona.

Jibu la ndiyo halina maana kwamba kidonda kiko kwa hakika. Karibu nusu ya watu wa dunia wanabeba kijidudu hiki, wengi tangu utoto, na wengi wao hawaumwi. Na jibu la hapana kwa mtu aliyekuwa anameza diklofenaki halifuti kidonda: vidonge peke yake vinatosha kukichimba.

Kuko siku ya kutongoja labo. Ukitapika damu au kitu kama majivu ya kahawa, ukitoa choo cheusi kama lami, chenye kunata na harufu kali, damu inatoka ndani. Vidonge vya kuongeza damu navyo vinafanya choo kuwa cheusi, kwa hiyo sema kama unavimeza, lakini usikae nyumbani kubahatisha. Maumivu yakikupiga ghafla na tumbo ikawa ngumu kama ubao, kidonda kinaweza kuwa kimetoboka, na hapo ni upasuaji. Usile, usinywe, ukimbizwe hopitali. Vilevile mtu anayekonda bila sababu, anayezunguka kizunguzungu, chakula kinachomkwama kooni, au aliyepita miaka 55 na maumivu ni mapya, huyo atafutiwe kamera, asitibiwe kwa kubahatisha.

Feza ni neno letu sisi wa sindikati. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamuomba mwenye kazi kulipia matunzo na dawa za mfanyakazi na jamaa yake. Mwenye mkataba aombe karatasi ya kwenda hopitali, na labo iandikwe humo. Mchimbaji wa kujitegemea hana bosi wa kumlipia, kwa hiyo asitupe feza ku kipimo cha damu cha sokoni, aziweke kwa choo kilichopimwa kwa wakati wake. Siku ya kwenda, andika ku karatasi mambo matatu: saa moto unapoanza, chakula kinaufanya nini, na kila kidonge au sindano uliyopata mwezi huu. Mpe munganga karatasi hiyo mbele ya kuomba dawa yoyote.